Kuomba mali kauli kwa msambazaji wakati duka bado changa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye duka dogo ambaye amekuwa akinunua kwa taslimu na sasa anataka msambazaji wa jumla amfungulie akaunti ya kuchukua mzigo kwanza na kulipa baadaye. Mfano unaorudi mara kwa mara ni duka la vifaa vya ujenzi lililofunguliwa Februari huko Kihonda, Morogoro, ambalo mwezi Septemba linaandika barua ya kuomba mali kauli ya saruji, nondo na misumari. Bei zilizotumika ni za mfano. Weka za kwako.

## Mambo ya mwanzo

1. Akaunti ya mali kauli ni nini hasa, na inatofautianaje na kukopa benki?

Ni makubaliano kwamba msambazaji atakupa mzigo leo na wewe utamlipa baada ya siku zilizokubaliwa, kwa kawaida 7, 14 au 30. Fedha haipiti mkononi mwako, unachopokea ni bidhaa. Akaunti ina mambo mawili ya kushika: kikomo cha deni, yaani kiasi cha juu unachoweza kudaiwa kwa wakati mmoja, na siku za malipo.

Benki huangalia dhamana na marejesho ya kila mwezi. Msambazaji huangalia kitu kingine: je, mzigo wake utauzika kabla ya siku ya kulipa, na je, ukiuzika, fedha itarudi kwake au itaenda kwenye ada ya shule? Maombi yote, kuanzia barua hadi majina ya watu wa rejea, yanajibu maswali hayo mawili. Ukiyajibu vizuri, udogo wa duka hauwi kikwazo kikubwa.

2. Duka liwe na umri gani kabla ya kuomba?

Hakuna sheria inayotaja muda. Kinachotakiwa ni kumbukumbu. Duka la miezi sita lenye risiti zote za manunuzi lina nguvu kuliko la miaka miwili ambalo mwenyewe hesabu zake ziko kichwani. Kwa duka jipya kabisa, nunua kwanza kwa taslimu kwa msambazaji huyohuyo unayetaka kumwomba, walau miezi mitatu mfululizo, kila mara risiti iandikwe jina la biashara na TIN yako. Ukiandikiwa risiti isiyo na jina, manunuzi hayo siku ya kuomba ni kama hayakuwahi kufanyika, kwa sababu karani wa hesabu akitafuta jina lako kwenye mfumo wao halioni.

3. Nyaraka zipi zinatakiwa?

Kwa Tanzania Bara, andaa nakala za cheti cha TIN kutoka TRA, leseni ya biashara iliyo hai, cheti cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA (au cheti cha kampuni kama ni kampuni), kitambulisho cha NIDA cha mmiliki, mkataba wa fremu, na taarifa ya benki au ya Lipa Namba ya miezi mitatu hadi sita. Wengine huomba pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Kinachorudisha maombi mengi nyuma ni majina kutolingana. Leseni inasema jina moja, cheti cha BRELA kina neno la ziada, na Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la ndugu. Anayesoma hawezi kujua kama ni biashara moja au tatu. Rekebisha hayo kabla ya kupeleka, na kama marekebisho yatachukua muda, eleza tofauti hiyo kwa sentensi moja ndani ya barua.

## Watu wa rejea

4. Mtu wa rejea na mdhamini ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huumizana. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "mdhamini" kwa wote wawili: anayesema "namfahamu, hulipa vizuri" na anayesema "asipolipa, nitalipa mimi". Kisheria ni watu wawili tofauti kabisa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini aliyekubali dhamana hubeba deni sawasawa na mdaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe uweke mpaka. Mtu wa rejea anatoa taarifa tu.

Kwa hiyo soma fomu ya msambazaji kabla ya kuandika majina. Kama nafasi imeandikwa "Wadhamini" na chini yake kuna mahali pa saini yao, uliza: hawa wanashuhudia au wanabeba deni? Kama ni kushuhudia tu, omba neno hilo liandikwe. Kama ni kubeba deni, usimpelekee mtu fomu hiyo ukamwambia ni utambulisho tu. Mweleze kiasi, muda na kwamba anaweza kudaiwa yeye. Na kama atakubali, omba dhamana iwe na kiwango cha mwisho, kwa mfano "isiyozidi shilingi 3,000,000", badala ya "deni lolote litakalokuwepo".

5. Niorodheshe watu wangapi, na nani?

Watatu wanatosha. Kwa duka letu la Kihonda, orodha nzuri ingekuwa hivi.

Wa kwanza ni msambazaji mwingine asiyeshindana na huyu unayemwomba, mathalani anayekuuzia rangi au vifaa vya mabomba, ambaye umenunua kwake kwa miezi kadhaa. Kama amewahi kukuachia mzigo hata mara moja kwa siku tatu na ukalipa, huyo ndiye wa thamani kuliko wote, kwa sababu anaweza kusema jambo ambalo wengine hawawezi: alikuamini kwa kiasi fulani, na siku ilipofika ulilipa.

Wa pili ni mwenye fremu. Yeye hajui biashara yako ya saruji, lakini anajua kama kodi inafika tarehe yake bila kufuatwa. Wa tatu anaweza kuwa mwenye gari linalokuletea mzigo, au fundi mkuu anayenunua kwako mara kwa mara kwa ajili ya kazi zake. Mwenye gari anajua ni safari ngapi kwa mwezi, na idadi hiyo inathibitisha makadirio ya manunuzi utakayoandika (tazama swali la 9).

Acha ndugu, mchungaji, shehe na mwenyekiti wa mtaa. Ni watu wa heshima, ila hawajawahi kukudai, na ushahidi wao hauhusu malipo.

6. Msambazaji atawauliza nini?

Kwa kawaida ni simu ya dakika tatu. Huulizwa: unamfahamu kwa muda gani, umewahi kumpa mzigo au huduma kabla ya kulipwa, kiasi cha juu kilikuwa kipi, alilipa siku gani ikilinganishwa na siku aliyoahidi, sasa hivi unamdai, ungempa tena?

Kwa hiyo mpigie mtu wako kabla ya kumwandika. Mwombe ruhusa ya kutoa namba yake, mwambie jina la kampuni itakayopiga, na mkumbushe tarehe na viwango: "Mama, ule mzigo wa rangi wa tarehe 8 Julai ulikuwa wa laki tatu na themanini, nilikulipa tarehe 15." Huku si kumfundisha cha kusema. Yeye anauza kwa watu wengi na bila kukumbushwa atajibu "ndiyo, huwa ananunua hapa", jibu ambalo halimsaidii mtu.

Kama kuna siku ulichelewa kumlipa, usimwombe afiche. Itaje mwenyewe kwenye barua pamoja na sababu. Kuchelewa siku nne kulikoelezwa mapema huvumilika. Kinachoua maombi ni msambazaji kukisikia kwa mtu mwingine.

7. Sina mtu yeyote wa rejea wa kibiashara. Nifanyeje?

Tumia daftari la msambazaji mwenyewe. Mwandikie: "Tangu Machi tumenunua kwenu mara 22 kwa taslimu, jumla shilingi kadhaa, risiti zimeambatishwa." Kisha omba nusu kwa nusu: kila mzigo unalipa nusu papo hapo na nusu baada ya siku saba. Baada ya mizigo sita au minane iliyolipwa kwa wakati, tayari una mtu wa rejea, naye ni yeye mwenyewe.

## Makadirio ya manunuzi ya mwezi

8. Kwa nini wanataka kujua nitanunua kiasi gani?

Kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kinachoamua kikomo cha deni. Pili, ni kipimo cha ukweli wako. Muuzaji wa jumla wa saruji anajua duka la ukubwa wako, katika barabara yako, huuza takriban mifuko mingapi. Ukiandika mifuko 1,000 kwa mwezi na fremu yako inabeba mifuko 80, anajua hapohapo kwamba namba zako zimepambwa, na kuanzia hapo hata namba za kweli hazisadikiki.

9. Nizipateje namba hizo?

Chukua risiti za manunuzi za miezi mitatu iliyopita. Usitumie daftari la mauzo. Kosa la kawaida ni kuandika mauzo, ambayo yana faida yako ndani, au kujumlisha manunuzi ya duka zima wakati msambazaji huyu anauza bidhaa tatu tu kati ya hamsini ulizonazo.

Duka la Kihonda lilinunua saruji ya kilo 50 mifuko 205 mwezi Juni, 240 Julai na 275 Agosti. Jumla ni 720, wastani 240. Kishawishi ni kuandika 275 kwa sababu biashara inapanda. Andika 240. Ukinunua zaidi ya ulichokadiria, msambazaji hufurahi. Ukinunua pungufu, hujiuliza kama unanunua kwa mwingine kwa taslimu huku deni lake likisubiri.

Fanya hivyohivyo kwa kila bidhaa:

| Bidhaa | Kwa mwezi | Bei (pamoja na VAT) | Jumla |
|---|---|---|---|
| Saruji, kilo 50 | mifuko 240 | 16,000 | 3,840,000 |
| Nondo, milimita 12 | 60 | 24,000 | 1,440,000 |
| Misumari | kilo 100 | 3,200 | 320,000 |
| Jumla | | | 5,600,000 |

Zingatia maneno "pamoja na VAT". Deni utakalodaiwa lina kodi ndani yake, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Ukikadiria kwa bei isiyo na kodi, kikomo utakachopewa kitajaa kabla ya mzigo wako kutimia.

Taja pia msimu. Masika ya Machi hadi Mei hupunguza ujenzi, na mwenye duka hili aliyapitia: alinunua kati ya mifuko 130 na 150 kwa mwezi. Andika hivyo. Msambazaji anayeambiwa mapema haogopi oda zikishuka Aprili.

10. Niombe kikomo cha kiasi gani?

Wengi huandika kikomo sawa na manunuzi ya mwezi, yaani milioni 5.6. Ni kikubwa kuliko kinachohitajika. Kinachoamua si mwezi, ni mara ngapi unachukua mzigo na siku ngapi unapewa.

Duka letu linachukua mzigo kila wiki: mifuko 60, nondo 15 na kilo 25 za misumari, jumla 1,400,000. Likipewa siku 14, mambo yanakwenda hivi: siku ya kwanza linadaiwa 1,400,000. Wiki moja baadaye linachukua mzigo wa pili na deni linafika 2,800,000. Wiki ya tatu ikianza, linalipa mzigo wa kwanza kisha linachukua wa tatu, na deni linabaki 2,800,000. Hapo ndipo kilele. Omba 3,000,000, ili bei ikipanda kidogo usikwame.

Sasa angalia kinachotokea malipo yakichelewa siku mbili tu. Mzigo wa kwanza haujalipwa na wa tatu unahitajika, deni lingekuwa 4,200,000. Mfumo unakataa, gari haliondoki ghalani, na duka linakosa saruji Jumamosi, siku ambayo mafundi wananunua. Kukwama kwa oda ndiyo adhabu ya kwanza ya kuchelewa, kabla hata mtu hajakupigia simu.

11. Niombe siku ngapi?

Omba siku zinazozidi kidogo muda wa bidhaa kuuzika. Saruji ya wiki moja inauzika ndani ya wiki, kwa hiyo siku 14 zinatosha. Nondo zinaweza kukaa wiki tatu dukani, na hizo ni afadhali uendelee kuzinunua taslimu, au uchukue chache zaidi mara nyingi zaidi. Ukichukua kwa mali kauli kitu kinachokaa dukani kupita siku ya malipo, utakilipa kwa fedha ya saruji, na saruji itakosa fedha ya kurudi.

Uliza pia siku zinahesabiwa kuanzia lini: tarehe ya ankara au tarehe mzigo ulipofika? Mzigo ukikaa siku tatu njiani, siku 14 zimekuwa 11.

## Barua yenyewe

12. Barua iandikweje?

Ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Hii ni ya duka la Kihonda:

> Kwa: Meneja Mauzo
>
> YAH: MAOMBI YA KUFUNGULIWA AKAUNTI YA MALI KAULI
>
> Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi ni duka la vifaa vya ujenzi lililopo Kihonda, Manispaa ya Morogoro, lililofunguliwa Februari mwaka huu. Tumekuwa tukinunua kwenu kwa taslimu tangu Machi. Orodha ya risiti imeambatishwa.
>
> Tunaomba akaunti yenye kikomo cha shilingi 3,000,000 na muda wa malipo wa siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea mzigo. Tunatarajia kununua kwenu wastani wa shilingi 5,600,000 kwa mwezi, VAT ikiwemo: saruji mifuko 240, nondo za milimita 12 vipande 60 na misumari kilo 100, kwa mizigo minne ya shilingi 1,400,000. Makadirio haya yametokana na manunuzi ya Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei saruji hushuka hadi mifuko 130–150 kwa mwezi.
>
> Malipo yatafanywa kwa benki kutoka akaunti ya biashara. Mwenye mamlaka ya kuagiza ni mmiliki peke yake. Wenye ruhusa ya kupokea mzigo na kutia saini ni wawili, majina na vielelezo vya saini vimeambatishwa.
>
> Watu wa rejea, ambao wote wameridhia kupigiwa simu:
> 1. (Jina, biashara, simu): hutuuzia rangi tangu Machi. Julai alituachia mzigo wa shilingi 380,000 kwa siku 7, tukalipa siku ya 7.
> 2. (Jina, simu): mwenye fremu. Kodi imelipwa hadi Januari.
> 3. (Jina, simu): msafirishaji wetu, safari nne kwa mwezi.
>
> Tupo tayari kuanza na kiwango kidogo kwa miezi mitatu mtakavyoona inafaa.
>
> Wako katika biashara,
> (Saini, jina, cheo, simu, TIN)

Utaona kila mtu wa rejea ana mstari unaoeleza anajua nini. Jina na namba ya simu peke yake humlazimu msambazaji abahatishe cha kuuliza.

13. Kwa nini nitaje wenye ruhusa ya kuagiza na kupokea?

Kwa sababu deni linazaliwa kwa saini. Kijana wa duka akipiga simu aagize mifuko 40 kwa ajili ya kazi yake binafsi na msambazaji akaileta, bila orodha hiyo utabaki kubishana. Ukiwa umeandika majina, mzigo uliopokelewa na mtu asiye kwenye orodha una swali la kujibiwa na aliyeuleta. Mfanyakazi akiacha kazi, andika barua siku hiyohiyo kumwondoa.

## Baada ya kupeleka maombi

14. Watajibu baada ya muda gani, na nifuatilieje?

Inategemea ukubwa wa kampuni. Mwenye ghala anayejisimamia anaweza kujibu kesho yake, na kampuni yenye kitengo cha mikopo huchukua wiki moja hadi tatu. Fuatilia kupitia afisa mauzo anayekuhudumia, baada ya siku tano za kazi, ukiuliza swali mahususi: "Mmefanikiwa kuwapata watu wangu wa rejea?" Mara nyingi tatizo ni simu isiyopokelewa.

15. Wamekubali, lakini bei ya mali kauli ni kubwa kuliko ya taslimu. Nikubali?

Piga hesabu kwa mfuko. Taslimu ni 15,600, mali kauli ni 16,000. Tofauti ni 400. Kama faida yako kwa mfuko ni 1,000 ukinunua taslimu, siku 14 zimekula 400 kati ya hizo. Inalipa pale tu ambapo bila mali kauli duka lingekaa tupu, yaani mfuko ule usingeuzwa kabisa. Kama una fedha ya kununua mifuko 60 ya kila wiki, nunua taslimu na uitumie akaunti kwa mzigo wa ziada tu, lakini usiiache ilale miezi. Wengine hufunga akaunti isiyotumika.

16. Wanataka hundi za tarehe za mbele. Kuna hatari gani?

Hundi ikipelekwa benki na akaunti haina fedha, inarudi, na msambazaji ana karatasi ya ushahidi dhidi yako. Toa hundi kwa mzigo mmoja mmoja, yenye kiasi kamili na namba ya ankara uliyoinakili pembeni. Usitoe hundi iliyotiwa saini bila kiasi, hata kwa mtu unayemheshimu sana. Ukilipa kwa njia nyingine kabla ya tarehe, chukua hundi yako mkononi siku hiyo.

17. Mzigo ukifika nifanye nini kabla ya kusaini?

Hesabu, kisha saini. Mifuko 60, miwili imepasuka: andika kwenye hati ya kupokelea mzigo "imepokelewa 58 mizima, 2 imepasuka", dereva atie saini pembeni ya maneno hayo, nawe upige picha. Kwa saruji, bonyeza pembe za mifuko ya chini. Iliyopata unyevu huwa na mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, na mteja atairudisha. Ukishasaini 60, deni ni la 60.

Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya hesabu na uilinganishe na hati zako. Msambazaji aliyesajiliwa kwa VAT hutoa ankara ya kodi mzigo unapouzwa hata kama hujalipa, kwa hiyo ankara au risiti hiyo haithibitishi kwamba umelipa. Uthibitisho wa malipo ni hati ya benki au stakabadhi ya kupokea fedha. Zihifadhi kando.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nimeona sitaweza kulipa siku iliyopangwa. Niseme lini?

Siku mbili au tatu kabla. Piga simu, kisha tuma ujumbe wa maandishi wenye kiasi na tarehe: "Kesho kutwa natakiwa kulipa 1,400,000. Nitalipa 900,000 siku hiyo, na 500,000 Ijumaa." Lipa hiyo 900,000 kweli. Malipo ya sehemu kwa siku iliyoahidiwa hulinda akaunti kuliko malipo kamili yaliyochelewa kimyakimya.

Chanzo cha kawaida ni wewe nawe kukopesha. Fundi akichukua mifuko 40 kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, hiyo ni 640,000, karibu nusu ya mzigo wa wiki, nawe unadaiwa ndani ya siku 14. Usimpe mteja siku nyingi kuliko ulizopewa.

19. Biashara ikifa, nitadaiwa mimi binafsi?

Kama umesajili jina la biashara tu, ndiyo. Jina la biashara si mtu tofauti na wewe, na deni ni lako. Kampuni yenye dhima yenye ukomo ni mtu wake kisheria, lakini kwa kampuni changa wasambazaji wengi hutaka mkurugenzi atie saini ya dhamana binafsi, na ukishaisaini kinga ile imekwenda kwa deni hilo. Maelezo ya dhamana yako kwenye swali la 4.

20. Wanataka hati ya kiwanja kwa kikomo cha milioni tatu.

Kataa kwa upole na utoe njia nyingine: kikomo cha 1,500,000 kwa siku 7, au nusu kwa nusu kama ilivyo kwenye swali la 7. Hati ya nyumba ya familia kwa mzigo wa wiki mbili wa saruji haina uwiano, na kama mali ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzi inahitajika.

21. Nikiwa Zanzibar au Kenya, kinachobadilika ni nini?

Nyaraka na kodi. Zanzibar usajili wa biashara uko BPRA na VAT iko ZRA. Kenya utaombwa PIN ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti, VAT ni asilimia 16, na ankara hutolewa kupitia eTIMS. Hesabu ya kikomo na mistari ya watu wa rejea haibadiliki.

22. Nimekataliwa. Niombe tena lini?

Uliza kwanza sababu, na uiulize kwa namna inayojibika: ni nyaraka, ni rejea, au ni kiasi? Kama ni nyaraka, rekebisha na urudi wiki ijayo. Kama ni kiasi, rudi na nusu yake. Kama ni rejea, kuna mtu kwenye orodha yako aliyesema jambo au ambaye hakupokea simu. Wapigie wote watatu ujue ni yupi, kisha ununue taslimu miezi mitatu mingine kwa msambazaji huyohuyo, risiti zikiwa na TIN yako, na barua ya pili ianze na jumla ya manunuzi hayo.